Namba moja imekosewa kwenye mfuatano: unajuaje ni yenyewe na si jirani yake?

Tumaini_K
Wakuu, habari za jioni. Najiandaa na mtihani wa mchujo wa ajira, na kuna aina moja ya maswali inayonisumbua. Unapewa namba sita au saba, unaambiwa moja tu haifuati kanuni, uitaje. Kanuni yenyewe mara nyingi naiona. Ninapokwama ni kumtaja mkosaji, kwa sababu ninaona mahali palipoharibika lakini pana namba mbili pembeni na zote zinaonekana zina makosa. Mfano huu hapa:

5, 8, 15, 26, 43, 60, 83

Nikitoa kila namba kwenye ile inayoifuata napata 3, 7, 11, 17, 17, 23. Zilikuwa zinapanda kwa 4 vizuri, halafu zikavurugika. Mimi nimechagua 60 kwa sababu kutoka 17 ilitakiwa tupande hadi 21, sasa imebaki palepale 17. Mwenzangu ninayesoma naye anasema 43. Nani yuko sahihi, na kwa hoja gani?

Juma Mpanda
Jibu ni 110. 83 ukiongeza 27.

Tumaini_K
Kaka Juma, hawaulizi namba inayofuata. Wanauliza ni ipi kati ya hizo saba imekosewa.

Kiboko ya Mchujo
Ni 43. Usijichoshe na hoja nyingi, mdogo wangu. Anza kushoto, tembea mpaka mahali pa kwanza kanuni inapovunjika, namba iliyo upande wa kulia wa hapo ndiyo mbovu. Hapa panavunjika kutoka 26 kwenda 43, basi 43. Kwenye mchujo muda ni mdogo, unaangalia mvunjiko wa kwanza, unajibu, unasonga mbele.

Mwalimu Shabani
Jibu la Kiboko ni sahihi, ila njia yake itakuangusha siku nyingine, Tumaini. Ngoja nieleze taratibu.

Namba yoyote iliyo katikati ya mfuatano inagusa nafasi mbili, ile ya kuingilia na ile ya kutokea. Ukiiongeza 2 kimakosa, nafasi ya kuingilia inakua kwa 2 na ya kutokea inapungua kwa 2. Haiwezekani uharibu moja ukaiacha nyingine. Sasa tazama tofauti zako: 3, 7, 11, 17, 17, 23. Kama zinapanda kwa 4 zilitakiwa ziwe 3, 7, 11, 15, 19, 23. Pale penye 15 pamezidi 2, pale penye 19 pamepungua 2. Nafasi mbili mbovu zimegusana, na namba inayozigusa zote mbili ni 43 peke yake. Imezidi kwa 2, kwa hiyo ilikuwa 41.

60 nayo inagusa nafasi mbili, ya kuiingia na ya kutoka kwenda 83. Ile ya kutoka ni 23, ambayo ndiyo hasa inayotakiwa. Ingekuwa 60 ndiyo mbovu, hiyo 23 isingebaki salama. Kosa la hoja yako ni kwamba ulihesabu kutoka kwenye 17 ya kwanza kana kwamba ni nzima, ukataka 21, wakati hiyo 17 yenyewe imeshaharibika. Ukishaona mahali pamevunjika, usiendelee kujenga juu yake. Ruka, uende ukaangalie upande wa pili kama kanuni inaendelea.

Na kuna ukaguzi mwepesi wa kufunga kazi. Kutoka 26 hadi 60 ni 34. Nafasi mbili zilizotakiwa ni 15 na 19, jumla 34. Majirani wawili wanaelewana wao kwa wao bila kumhitaji yule wa katikati. Hapo huna shaka tena.

Kiboko ya Mchujo
Mwalimu, lakini njia yangu imetoa jibu lile lile kwa nusu ya muda. Itaniangusha wapi?

Mwalimu Shabani
Hapa:

5, 9, 19, 39, 79, 159

Kanuni ni kuzidisha kwa 2 na kuongeza 1. Mvunjiko wa kwanza uko kati ya 5 na 9, kwa sababu 5 inatoa 11. Kwa njia yako utachagua 9. Lakini 9 inatoa 19, 19 inatoa 39, na kuendelea bila tatizo lolote. Umevunjika mnyororo mmoja tu, na uko mwanzoni kabisa. Mbovu ni 5, ilitakiwa 4.

Kwa hiyo kabla ya kujibu, angalia nafasi iliyovunjika ina mwenzake au iko peke yake. Zikiwa mbili zimegusana, shika namba iliyo katikati yao. Ikiwa moja na iko ukingoni, shika namba ya ukingoni. Kazi hiyo inakula sekunde chache tu zaidi ya njia yako.

Kiboko ya Mchujo
Sawa, ukingoni nakubali. Ila katikati nabaki na yangu, mvunjiko wa kwanza kulia.

Mwalimu Shabani
Katikati itakufikisha, mradi kanuni umeishika kwa uhakika. Tatizo ni kwamba ukianzia kushoto, kanuni unaisoma kwenye namba mbili tatu za mwanzo, na huenda mbovu imo humo humo. Chukua mfuatano ule ule wa Tumaini, rudisha 41 mahali pake, halafu uharibu namba ya pili: 5, 10, 15, 26, 41, 60, 83. Mwanzoni unaona 5, 10, 15 na unashawishika kabisa kwamba wanaongeza 5. Ukifika 26 unaitangaza mbovu, lakini ukikaza na kanuni hiyo, 41, 60 na 83 zote zinakuwa mbovu pia. Tumeambiwa moja tu ndiyo imekosewa. Kanuni inayolaumu namba nne haiwezi kuwa kanuni yao.

Tumaini_K
Asante sana Mwalimu, hii ya nafasi mbili imeniingia. Sasa kuna nyingine iliyonitesa zaidi:

3, 4, 10, 34, 136, 685, 4116

Hapa kutoa hakusaidii kabisa, tofauti zinaruka ovyo. Nikaona 34 mara 4 ni 136 kamili, nikasema basi 34 na 136 ni nzima, tatizo liko kabla yake au baada yake. Nikakwama hapo.

Mwalimu Shabani
Huo ni mtego wa makusudi, na ni mzuri kwa kweli. Mtunzi ameipotosha namba kidogo kiasi kwamba izae uhusiano wa uongo na jirani yake.

Namba zinapokua kwa kasi namna hii, anzia mwisho urudi nyuma. Huko mwisho namba ni kubwa, kwa hiyo kosa dogo la kanuni linaonekana waziwazi, na mambo machache yanaweza kutokea kwa bahati. 4116 gawanya kwa 685 unapata 6 na inabaki 6. 685 gawanya kwa 136 unapata 5 na inabaki 5. Tayari kanuni imejitaja: mara 6 ongeza 6, mara 5 ongeza 5. Hatua inayofuata kurudi nyuma lazima iwe mara 4 ongeza 4. 136 toa 4 ni 132, gawanya kwa 4 ni 33. Wameandika 34.

Sasa thibitisha kutoka upande wa pili. 3 mara 1 ongeza 1 ni 4. 4 mara 2 ongeza 2 ni 10. 10 mara 3 ongeza 3 ni 33. Umefika 33 kutoka kushoto na umefika 33 kutoka kulia. Ile 34 mara 4 kuwa 136 kamili ilikuwa chambo tu. Uhusiano kati ya namba mbili peke yake haukwambii chochote, maana kati ya namba mbili zozote unaweza kubuni kanuni utakayo. Subiri mpaka hatua ya pili ikubaliane na ya kwanza.

Binti Pangani
Samahani, mimi sina mtihani, ila uzi huu umenigusa. Ninakusanya pesa za maji kwenye nyumba ya wapangaji, mita ni moja na kila wiki naandika usomaji kwenye daftari. Wiki zangu sita ziko hivi: 1204, 1219, 1233, 1284, 1263, 1278. Wapangaji wanalalamika kwamba wiki moja nimewaandikia uniti 51. Na wiki iliyofuata mita imerudi nyuma, jambo ambalo haliwezekani. Je, hesabu yenu hii inaweza kunisaidia, au ni mambo ya vitabuni tu?

Mwalimu Shabani
Inasaidia vizuri sana, dada. Toa kama alivyotoa Tumaini: 15, 14, 51, halafu hasi 21, halafu 15. Nafasi mbili mbovu zimegusana, moja imepanda mno na nyingine imeshuka mno. Katikati yao kuna 1284. Huo ndio usomaji uliokosewa, na zote zinazouzunguka ni nzima.

Tofauti na mtihani ni kwamba matumizi ya maji hayana kanuni kali, kwa hiyo huwezi kudai namba kamili kwa hesabu tupu. Unachojua kwa uhakika ni kwamba kutoka 1233 hadi 1263 ni uniti 30 kwa wiki mbili. Jumla hiyo haibishaniwi, na wapangaji wawe na amani, pesa ya wiki mbili hizo kwa pamoja haibadiliki. Iliyoharibika ni mgawanyo kati ya wiki na wiki.

Msomi wa Kisumu
Niongeze hapo. Dada, soma 1284 kwa kubadilishana tarakimu mbili za mwisho: 1248. Kutoka 1233 ni 15, kwenda 1263 ni 15. Nina hakika uliona 48 ukaandika 84.

Kuna alama ya kosa la aina hiyo ambayo wahasibu wanaitumia siku zote. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, kosa linalotokea linagawanyika kwa 9 bila kubaki. 1284 toa 1248 ni 36, na 36 ni mara nne ya 9. Si uthibitisho, kwa sababu makosa mengine pia yanaweza kuangukia hapo kwa bahati, lakini ukikuta kosa linagawanyika kwa 9, jaribu kwanza kubadilisha tarakimu.

Binti Pangani
Ahsanteni sana. 15 na 15 inaingia akilini, ndiyo matumizi yao ya kawaida. Lakini mwezi ule mwingine ilitokea wiki moja ikaruka sana, na wiki zilizofuata zikaendelea kawaida bila kurudi nyuma. Hiyo nayo ni namba moja iliyokosewa?

Mwalimu Shabani
Hapana, hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni vizuri umeiuliza. Nafasi moja tu imeharibika, nayo iko katikati, haiko ukingoni. Namba moja iliyokosewa haiwezi kufanya hivyo, tumeshaona lazima iharibu mbili. Ukiona mruko mmoja na kila kitu baada yake kimehamia juu kwa kiasi kile kile, maana yake kitu kilitokea kweli wiki ile: bomba lilivuja, au kulikuwa na shughuli. Kwenye daftari la jumla linaloendelea, huo ndio mwonekano wa kosa la kujumlisha mara moja ambalo limebebwa hadi chini. Usomaji wa mita haubebi kosa, kwa sababu kila wiki unasoma upya. Kwa hiyo kwako wewe nenda kaangalie bomba, si daftari.

Fundi Tarakilishi
Mwalimu, umewaonyesha tofauti za kwanza. Mimi napenda kushuka ngazi moja zaidi. Kwenye ule wa kwanza, tofauti za tofauti ni 4, 4, 6, 0, 6. Zilitakiwa zote ziwe 4. Kwa hiyo makosa ni 2, hasi 4, 2. Kosa la katikati ni mara mbili ya yale ya pembeni na linakwenda kinyume. Hiyo ndiyo sahihi ya namba moja iliyokosewa, na katikati ya sahihi hiyo, pale penye hasi 4, ndipo inapokaa namba mbovu. Ukishuka ngazi nyingine inakuwa 1, 3, 3, 1 zikipishana alama. Ngazi inayofuata ni 1, 4, 6, 4, 1.

Kabla ya kompyuta, waliotengeneza majedwali ya namba walikagua makosa hivi hivi. L. J. Comrie, aliyefanya kazi kwenye ofisi ya Uingereza iliyoandaa majedwali ya mabaharia, alijulikana kwa kuitumia sana. Kosa dogo ambalo jicho halilioni kwenye namba zenyewe linavimba kila unaposhuka ngazi, wakati tofauti halali zinazidi kuwa ndogo.

Ukingoni sahihi hiyo inakatika. Ule mfano wa Mwalimu wa 5, 10, 15, 26, 41, 60, 83 unatoa tofauti za pili 0, 6, 4, 4, 4. Makosa ni hasi 4 na 2, ile 2 ya kushoto haina pa kukaa. Ukiona kipande tu cha sahihi, jua mbovu iko karibu na ukingo huo.

Kiboko ya Mchujo
Hapo mmeshaenda mbali na mchujo. Hamna mtu atashuka ngazi nne akiwa na dakika moja.

Fundi Tarakilishi
Ngazi mbili zinatosha kwenye mchujo, mkuu. Sijasema nne.

Msomi wa Kisumu
Mimi nina swali kwa wote. Je, namba ngapi zinatosha? Kwa sababu nimeona maswali mengine ya namba chache mno. Chukua 3, 7, 12 na uambiwe wanaongeza kiasi kile kile kila mara, moja imekosewa. Inaweza kuwa 12, ilitakiwa 11. Inaweza kuwa 3, ilitakiwa 2. Hata 7 inaweza kuwa mbovu, ilitakiwa 7.5. Hakuna jibu. Ukiongeza namba ya nne, 15, papo hapo inabaki 12 peke yake, maana 3, 7 na 15 zinakubaliana kwamba wanaongeza 4.

Mwalimu Shabani
Ndivyo. Wakiongeza kiasi kisichobadilika unahitaji namba nne kumtambua mkosaji mmoja. Kama tofauti zenyewe zinapanda kwa kiasi kisichobadilika, unahitaji tano. Ndiyo maana mifuatano iliyochanganywa miwili ndani ya mmoja huwa mirefu. Tumaini, jaribu huu: 2, 50, 5, 45, 8, 41, 11, 35.

Tumaini_K
Nimeona zinapanda na kushuka kwa zamu, nikazitenganisha. 2, 5, 8, 11 ni nzima, wanaongeza 3. Nyingine 50, 45, 41, 35. Wanapunguza 5, halafu 4, halafu 6. Mbili zilizogusana ni 4 na 6, katikati yao 41. Ilitakiwa 40.

Mwalimu Shabani
Sawa kabisa. Na kila upande una namba nne, ndicho kiwango cha chini kabisa tulichosema.

Msomi wa Kisumu
Lakini Mwalimu, hiyo tano ni pale ambapo tayari unajua kanuni ni ya aina gani. Kwenye mtihani hujui. Tazama:

1, 2, 4, 7, 16

Mimi nasema wanazidisha kwa 2: 1, 2, 4, 8, 16. Mbovu ni 7. Mwingine anasema wanaongeza 1, 2, 3, 4: 1, 2, 4, 7, 11. Mbovu ni 16. Kila kanuni inalaumu namba moja tu.

Kiboko ya Mchujo
7. Kuzidisha kwa 2 ni kanuni rahisi zaidi, na watunzi wanapenda rahisi.

Fundi Tarakilishi
Kuongeza 1, 2, 3, 4 ni ngumu kwa nani? Mtoto wa shule ya msingi anaiona. Mimi ningesema 16, kwa sababu namba nne za mwanzo zimenyooka mfululizo bila kuvunjika.

Mwalimu Shabani
Kwa namba tano hizo sitachagua. Leteni ya sita. Ikiwa 32, kanuni ya Fundi inalaumu 16 na 32 pamoja, inaanguka, na mbovu ni 7. Ya sita ikiwa 16, tunakuwa na 1, 2, 4, 7, 16, 16. Hapo kanuni ya kuzidisha inalaumu 7 na ile 16 ya mwisho, inaanguka, na mbovu ni 16 ya kwanza, ilitakiwa 11. Bila hiyo ya sita, mtunzi amekosea swali, si mtahiniwa.

Fundi Tarakilishi
Mtahiniwa hawezi kumwandikia mtunzi barua akiwa chumbani, Mwalimu. Lazima ajaze kitu.

Mwalimu Shabani
Basi aangalie majibu waliyompa kuchagua. Mara nyingi moja kati ya hizo mbili haimo.

Msomi wa Kisumu
Na zikiwemo zote mbili?

Kiboko ya Mchujo
7.

Fundi Tarakilishi
16.

Tumaini_K
Kanuni ya kuhesabu ni wangapi wanalaumiwa imenisaidia kwenye nyingine pia: 11, 13, 17, 19, 23, 27, 31. Nilidhani wanaongeza 2 na 4 kwa zamu, lakini hivyo baada ya 23 inatakiwa 25 halafu 29, kwa hiyo 27 na 31 zote zinakuwa mbovu. Mbili, haikubaliki. Ndipo nikaona ni namba tasa, na 27 peke yake inagawanyika kwa 3. Ilitakiwa 29.

Binti Pangani
Mwalimu, moja ya mwisho. Nikikosea wiki mbili zinazofuatana, daftari litaniambia?

Mwalimu Shabani
Litakwambia kwamba pana tatizo, dada. Utaona nafasi tatu zimeharibika mfululizo, na jumla ya hizo tatu itakuwa sawa na tofauti kati ya usomaji mzima wa kabla na mzima wa baada. Kwa hiyo maji ya wiki tatu kwa pamoja unayajua. Ila zile namba mbili za kati huwezi kuzirudisha kwa hesabu, kwa sababu mita haikuahidi kutumia kiasi kile kile kila wiki. Ukiweza, andika usomaji mara mbili kwa wiki, ili kila namba iwe na majirani wa karibu.